Sasa Mimi Nifanye Nini?

Nianze kwa kukuonyesha aibu yangu mwenyewe kabla sijagusa ya wenzangu. Hili hapa ni onyesho la tatu la muswada wa filamu fupi nilioandika kuhusu mama mmoja wa Bweni. Nimelinakili kama lilivyokuwa, sijafuta hata nukta.

NDANI. JIKONI KWA MAMA. JIONI.

Mama, mjane mwenye moyo wa subira, amekaa jikoni akimsubiri mwanawe wa pekee ambaye aliondoka Bweni miaka sita iliyopita baada ya kugombana na baba yake mdogo kuhusu minazi. Kila Alhamisi humpikia wali wa nazi kwa kuwa ndiyo siku aliyoahidi kurudi. Anakumbuka jinsi alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda kuchuma ukindu. Leo pia hatokei. Upweke unamjaa. Hajui kwamba mwanawe yuko Nyamisati anasubiri boti.

Nilipoyamaliza maneno haya nilijiona mwandishi kweli kweli. Niliwasomea rafiki zangu wawili, mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Bwana we, imenigusa." Basi nikafunga safari hadi Bweni, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Mafia, huko karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kwenda kumwomba shangazi yangu aigize huyo Mama. Shangazi hajapata kuigiza maishani mwake. Anasuka mikeka, kama wanawake wengi wa kijiji kile, na mikeka ya Bweni ina jina lake tangu zamani. Nilimtaka yeye kwa sababu ya mikono yake na kwa sababu ya jinsi anavyokaa.

Nilimwamkia, tukakaa barazani, nikamsomea onyesho zima kwa sauti ya redio. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipofika mwisho akauliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo, shangazi. Akasema, "Maneno mazuri, mwanangu. Sasa mimi nifanye nini?"

Nilidhani hakuelewa. Nikaanza kumweleza: wewe hapo una upweke, unamkumbuka mtoto. Akasema, "Nimesikia. Nina upweke. Nimekaa jikoni. Lakini mikono yangu iko wapi? Nafanya nini?" Nikatazama karatasi yangu kutafuta jibu. Maneno 59, na kitu pekee nilichompa mwanamke yule akifanye ni kukaa.

Makala haya ni uhakiki wa onyesho hilo. Ninalihakiki langu kwa sababu ninalifahamu, na pia kwa sababu miswada ya vijana wenzangu inayopita mikononi mwangu, ile tunayosomeana na kusahihishiana, ina ugonjwa huo huo. Tunaandika maelezo ya vitendo yasiyo na vitendo. Tunaandika mambo ambayo kamera haiwezi kuyaona, kisha tunamlaumu mpiga picha kwamba filamu haikutoka kama ilivyokuwa kwenye karatasi.

Nimejiuliza tumeyapata wapi. Nadhani asili moja ni kibanda cha video. Wengi wa rika langu hatukuijua sinema kwenye jumba la sinema. Tuliijua kwenye banda la makuti au mabati, televisheni moja mbele, mabenchi nyuma, na sauti ya msimulizi juu ya picha. Lufufu na waliomfuata walizitafsiri filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili cha mjini, na hawakuishia kwenye kutafsiri maneno ya wahusika. Jamaa akitazama dirishani kimya, msimulizi anatuambia: hapo anawaza jinsi mjomba wake alivyomdhulumu. Mwanamke akiingia mlangoni: huyu ndiye yule dada aliyepotea, lakini mwenyewe bado hajajua! Tulizipenda sauti zile, na mimi nazipenda mpaka leo. Ila zilitufundisha kwamba filamu ni picha pamoja na mtu anayejua kila kitu, aliyekaa pembeni kutujuza. Ukiongeza michezo ya redio, na hadithi za bibi ambamo msimuliaji huingia moyoni mwa sungura na fisi apendavyo, utaona kwa nini kijana akishika kalamu kuandika filamu anamwandikia msimulizi. Onyesho langu la tatu ni kazi nzuri ya msimulizi. Tatizo ni kwamba siku filamu itakapoonyeshwa msimulizi hatakuwepo.

Rafiki yangu mpiga picha, mkazi wa Kilindoni ambaye riziki yake kubwa ni kupiga video za harusi, ndiye aliyekuja Bweni na kamera. Yeye hana nadharia. Ana penseli. Alichukua karatasi yangu na kila sentensi akaiuliza swali moja tu: nikiweka kamera hapa, hili linaonekana wapi? Likionekana, anaacha. Lisipoonekana, anapiga mstari. Wacha nikupitishe njia ile ile aliyonipitisha, maana humo ndimo nilimojifunza.

Sentensi ya kwanza: Mama amekaa jikoni. Inaonekana, akaiacha. "Mjane": akaniuliza ujane uko wapi mwilini. Mwanamke aliye edani unaweza kumtambua kwa vazi lake, lakini huyu eda yake iliisha zamani. Ukitaka watazamaji wajue, mtu mwingine aseme, au kionekane kitu. Akapiga mstari. "Moyo wa subira", mstari. "Mwanawe wa pekee", mstari. Miaka sita, ugomvi, baba mdogo, minazi, yote mstari. Nikamwambia kwamba bila hayo mtazamaji hataelewa kitu. Akanijibu, "Sasa hivi anaelewa nini? Wewe umelisoma wewe. Yeye hatalisoma."

Hapo ndipo nilipoiona hatari. Mtu anayesoma muswada anapata habari ambazo mtazamaji hatazipata kamwe. Rafiki yangu aliyetikisa kichwa aliguswa na karatasi, hakuguswa na filamu. Ukitaka kujua kama muswada wako una ugonjwa huu, usimpe mtu akausome. Msomee mtu yale tu yanayoonekana na kusikika, kisha mwambie akusimulie hadithi. Langu lilipochujwa hivyo lilibaki hivi: mwanamke amekaa jikoni, kuna wali. Hadithi yenyewe iliondoka na mistari ya penseli.

Sentensi ya pili ilinifundisha jambo kuhusu lugha yetu ambalo sikupata kulifikiria darasani. "Kila Alhamisi humpikia." Tazama hiyo hu-. Kiswahili kina kiambishi kizima kwa ajili ya mazoea, na mazoea hayapigiki picha. Kamera inaona kupika kumoja, kwa leo, kwa wakati huu. Haioni kupika kwa kila wiki. Tangu siku ile, kabla ya kusoma muswada wowote kwa makini, napitisha jicho kwenye vitenzi peke yake. Vyenye -na- kwa kawaida vinaonekana: anakuna, anafunika, anatazama. Vyenye hu- havionekani. Vyenye -li- vimeshapita, kamera imechelewa. Vyenye -me- vinategemea kama vimeacha alama: "amekaa" inaonekana, "chungu kimepasuka" inaonekana, "amekata tamaa" haionekani. Na vikanushi ndivyo vidanganyifu kuliko vyote. "Hatokei." Kutotokea kunaonekanaje? Pembe zote za Bweni jioni ile zimejaa watu wasiotokea. Ili mtazamaji aone kwamba mtu hakuja, lazima kwanza aone kwamba kuna mtu anangojwa.

Sitaki uichukue kama kanuni ya sarufi. Ni kipimo cha haraka tu, kama kugonga nazi kusikiliza maji. "Anakumbuka" ina -na- safi kabisa na bado ni giza tupu: mwanamke anayekumbuka na mwanamke anayewaza bei ya sukari wanaweza kuwa na uso mmoja. Lakini anza na vitenzi, utashangaa.

"Hajui kwamba mwanawe yuko Nyamisati anasubiri boti." Hii niliipigania. Niliipenda kwa sababu ina uchungu: mtoto yuko njiani, upande wa pili wa maji, mama hana habari. Mpiga picha hakubishana. Alisema tu, "Basi twende Nyamisati tukampige picha." Alikuwa sahihi. Ikiwa nataka mtazamaji ajue asichokijua Mama, ni lazima nimwonyeshe kijana kwenye gati la Nyamisati, kwa onyesho lake lenyewe, na gharama zake zenyewe. Sikuwa na nauli ya watu watatu kuvuka kwenda na kurudi. Nikaifuta. Ukikosa uwezo wa kuonyesha jambo, usijifiche nyuma ya sentensi ukadhani umelionyesha.

Tukabaki na neno moja la kushughulikia, "upweke", na swali la shangazi: nifanye nini?

Jibu alilitoa yeye. Jioni ile ile alikuwa anapika, na kijana wa jirani aliyetumwa dukani alichelewa. Shangazi alikuwa na chungu juu ya mafiga, kuni tatu chini yake. Alitazama njia, kisha akavuta ukuni mmoja nje, akausugua kwenye mchanga ukazimika. Nikamuuliza mbona anapunguza moto. Akasema, "Chakula kimeiva, mtu hajaja. Nikiacha moto huu kitaungua, nikiuzima atakula cha baridi. Napunguza." Baadaye kidogo akavuta wa pili. Kijana alipotokea, ukawa umebaki mmoja, chungu bado cha moto.

Nilimtazama mpiga picha, naye alikuwa ameshanitazama. Hapo kulikuwa na kungoja kote nilikokuwa nakutafuta, tena kunakohesabika: kuni tatu, mbili, moja. Hakuna mtazamaji, awe wa Bweni au wa Oslo, atakayehitaji kuambiwa kwamba yule mwanamke anamngoja mtu. Na kila ukuni unaotoka ni tumaini linalopungua bila mtu kulitaja neno tumaini. Nililiandika upya usiku ule kwa mwanga wa simu:

NDANI. JIKO LA NYUMA. JIONI.

Jua linaingia kupitia mlango ulio wazi. MAMA (60) ameinama mbele ya mafiga. Kuni tatu zinawaka chini ya chungu.

Mama anafunua chungu. Mvuke. Anaonja punje mbili za wali, anafunika.

Anatazama mlango. Njia ni tupu.

Anavuta ukuni mmoja, anauzima mchangani.

NDANI. JIKO LA NYUMA. MAGHARIBI.

Mlango umekuwa wa kijivu. Azana inasikika kwa mbali. Sahani mbili zimefunikwa kawa juu ya mkeka.

Mama anavuta ukuni wa pili.

NDANI. JIKO LA NYUMA. USIKU.

Koroboi. Ukuni mmoja, makaa.

Mama anachota maji kwa kata, anayamwaga motoni. Moshi unamfunika.

Angalia mambo machache hapa. Sikuandika popote "kamera inasogea karibu" wala "picha ya karibu ya mkono". Vijana wengi, wakishaambiwa waandike kinachoonekana, wanaanza kumwamrisha mpiga picha, jambo ambalo si kazi yao na linamchosha msomaji. Sentensi yenyewe inabeba umbali. "Anaonja punje mbili za wali" haiwezi kupigwa kutoka ng'ambo ya uwanja, maana punje hazitaonekana. "Njia ni tupu" haiwezi kupigwa kwa karibu. Ukichagua nomino ndogo, kamera itasogea. Ukichagua nomino kubwa, itarudi nyuma. Na kila aya mpya ni kama picha mpya. Mhariri wa filamu anayejua kazi atakuelewa bila ya wewe kumfokea.

Azana nayo imo, ingawa haionekani. Sauti inaruhusiwa, kwa kuwa mtazamaji ana masikio. Kanuni kamili ni kuandika kinachoonekana au kusikika, na wengine wameisahau nusu ya pili hata wakaandika filamu kama za viziwi. Azana ile inanipa saa bila kuhitaji saa ya ukutani.

Ile Alhamisi je? Ile hu-? Nilikuwa na njia mbili. Moja, jirani apite aseme, "Leo Alhamisi tena?" Ni njia halali, na mazungumzo yapo kwa kazi hiyo, ila maneno yale yalinukia mwandishi. Ya pili ni kurudia: onyesho lile lile, mara tatu fupi, kila mara na kitu kimoja kilichobadilika. Mtazamaji akiona mwanamke yule yule, chungu kile kile, sahani zile zile mbili, huku kitu kando yake kikikua, atajua mwenyewe kwamba siku zimepita. Kitu kinachokua Bweni hakihitaji kutafutwa. Ukindu huchumwa, huchanwa, huanikwa, mwingine huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili, utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyosukwa, na ndipo tepe hizo zishonwe ubavu kwa ubavu ziwe mkeka. Ukili unaoviringishwa ni kalenda. Nikaandika: onyesho la kwanza, viringo la ukili kando ya Mama ni kama ngumi. La pili, kama bakuli. La tatu, kama sinia.

Kwenye karatasi ilikaa vizuri. Kwenye kupiga picha nusura ituumbue. Tuliazima viringo vitatu kwa majirani, vya ukubwa tofauti, tukapiga. Tulipotazama kwenye kioo cha kamera, kidogo kilikuwa na mstari wa rangi nyekundu pembeni na kikubwa hakina. Mtu wa Bweni angecheka palepale, kwani kwake ingekuwa kama mtu kuingia chumbani na kanzu na kutoka na shati. Hata asiyejua mikeka, jicho lake lingekwama bila kujua kwa nini. Tukarudia siku ya pili kwa viringo kimoja kikubwa, na tukaanza mwisho: tulipiga kwanza onyesho la tatu, tukaufungua ukili na kupunguza, tukapiga la pili, tukapunguza tena, tukamalizia na la kwanza. Nilijifunza kwamba sentensi inayoonekana ni ahadi. Ukiandika "kama ngumi" kuna mtu kesho ataamka kutafuta kitu cha ukubwa wa ngumi. Ukiandika "upweke unamjaa" hakuna anayetafuta chochote, na ndiyo maana ni rahisi kuiandika.

Sasa niseme juu ya upande wa pili, kwa sababu nilipotoka Bweni niliugua ugonjwa wa pili. Nikishajua kwamba kinachoonekana ndicho kinachoandikwa, nikaanza kuandika kila kinachoonekana. Muswada wangu uliofuata una kurasa mbili nzima za kusuka: jinsi kidole gumba kinavyobana, jinsi miale inavyopishana. Kila sentensi kamera inaiona. Lakini ukurasa mmoja wa muswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na mimi nilikuwa naomba dakika mbili za vidole katika filamu ya dakika 12. Kosa jingine la aina hiyo ni kinyume chake: "Mama anasuka mkeka mpaka unakamilika." Inaonekana, ndiyo, ila ukae hapo na kamera wiki ngapi? Kuonekana peke yake hakutoshi. Lazima kionekane katika muda ambao sentensi inauchukua kwenye ukurasa.

Wapo watakaonikumbusha Flora M'mbugu-Schelling na filamu yake ya 1992, These Hands, yaani Mikono Hii. Ni takriban dakika 45 za wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakivunja mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, mawe yawe kokoto. Hakuna msimulizi. Nyundo, jiwe, mtoto kando, nyundo tena. Mtazamaji anaachwa na kazi hiyo mpaka mikono yake mwenyewe iume. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote dhidi ya sauti ya pembeni inayotuambia "wanawake hawa wanateseka". Lakini tusiichukue kama ruhusa ya kuandika kurasa mbili za ukindu. Ile ni filamu ya maisha halisi, ambamo kurudia kwa nyundo ndiyo habari yenyewe. Katika hadithi ya kubuni, kusuka kwa shangazi ni habari pale tu kunapobadilika: anaposimama ghafla, anapokosea muale, anapofumua. Andika badiliko, mengine yatapigwa tu.

Mshairi mmoja wa kundi letu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema nawaomba vijana waandike kama makarani wa polisi, na kwamba Kiswahili ni lugha ya mafumbo, ya ndani, ya kusema hili ukimaanisha lile. Nilimwambia kwamba ukuni unaovutwa ni fumbo kuliko neno upweke, na akacheka, lakini hakukosea kabisa. Kuna mahali nalegeza. Jina la mhusika halionekani, nalo tunaliandika, kwa faida ya waigizaji. Na kuna sentensi za hisia ambazo mwigizaji anaweza kuzifanya. "Anasita kama mtu aliyesikia jina lake" haina kitu cha kupiga picha isipokuwa kusita, lakini inamwambia mwigizaji asite vipi, na mwili wake utalionyesha. Hata "anakasirika" naiacha ikiwa tumeona aliyemkasirisha sekunde mbili kabla. Ninachopiga mstari ni "anakasirika kwa sababu anakumbuka shamba la baba yake". Kukasirika ni kwa mwigizaji. Shamba ni kwa msimulizi ambaye hayupo.

Akaniuliza tena, je, riwaya zetu zikigeuzwa filamu, mambo yote ya moyoni yatupwe? Akanitajia Vuta N'Kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999 ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Katika riwaya, mwandishi anaweza kutuambia waziwazi kwamba Yasmin, msichana wa miaka 15, hamtaki Bwana Raza aliyeozeshwa kwake. Sentensi moja, tunasonga mbele. Anayeiandikia kamera hana sentensi hiyo. Ana chumba, mlango, chakula mezani, umbali kati ya watu wawili, na lazima achague kimoja kibebe yote. Moyo hautupwi. Unatafutiwa kitu cha kushika.

Namalizia na siku ya kupiga onyesho la usiku, kwa kuwa kuna jambo lilitokea ambalo sijalipatia jibu. Muswada unasema Mama anachota maji na kuyamwaga motoni. Tulikuwa tumeshaweka koroboi, kamera inakwenda, shangazi amekaa na ukuni mmoja. Akanyoosha mkono kuelekea kata. Wakati ule ule, kwenye barabara inayotoka Kilindoni, bodaboda ikasikika inakuja. Haikuwa yetu, hatukuipanga. Nilitaka kusema tusimame, sauti imeharibika. Shangazi aliacha kata. Akasikiliza. Mlio ukakaribia, na mkono wake ukaenda kwenye ule ukuni wa pili uliokuwa mchangani, umezimika tangu magharibi, akausukuma taratibu kurudi chini ya chungu.

Bodaboda ikapita, ikafifia kuelekea upande wa mnara. Alikaa kidogo. Kisha akauvuta ukuni tena, akaupangusa mchanga kwa kiganja, akauweka pale pale ulipokuwa.

Mpiga picha hakuzima. Nilipomuuliza shangazi baadaye kwa nini alifanya vile, wakati tulikubaliana amwage maji, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. Ana kijana wake yuko Dar es Salaam, nami namjua. Hakusema kitu juu yake, nami sikuuliza. Alisema, "Kwani wewe hukuisikia pikipiki?"

Nilikata ile sentensi ya maji. Mahali pake nimeandika: Mlio wa pikipiki unakaribia. Mama anausogeza ukuni motoni. Mlio unapita. Mama anauvuta.